"Jadili" ya Uraia: hoja sita za upande mmoja zimepata 6 kati ya 15. Tatizo nini hasa?

#1 Kaka wa Ipagala
Mbukwenyi wakuu. Mdogo wangu yuko kidato cha nne hapa Dodoma mjini. Kwenye mtihani wa majaribio wa Uraia waliulizwa, nikiuweka kwa Kiswahili: "Mfumo wa vyama vingi umeimarisha demokrasia Tanzania. Jadili." Akaandika utangulizi, hoja sita na hitimisho. Hoja zake: watu wana uhuru wa kuchagua, bungeni kuna wapinzani wa kukosoa, watu wanatoa maoni, serikali inawajibika, elimu ya uraia imekua, na vyama vinaleta sera tofauti. Kila hoja sentensi tatu nne. Kapata 6 kati ya 15, na pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Upande mmoja. Mifano iko wapi?"

Mimi naona mwalimu kabana. Enzi zetu ukitoa hoja sita zinazoeleweka umemaliza kazi. Ana rundo la pepa za nyuma na mtihani wa taifa ni Novemba. Insha zote zinataka pande mbili? Na hiyo mifano anaichota wapi, maana daftari lake limejaa orodha ya faida na hasara tu?

#2 Hoja Tatu Tatu
Mkuu rahisi sana hii. Swali lolote la insha weka hoja tatu za kukubali, tatu za kupinga, hitimisho useme "kwa hiyo kuna faida na hasara". Nimefaulu hivyo kidato cha nne na cha sita. Hakuna msahihishaji atakayekugusa.

#3 Dalali wa Nkuhungu
Uraia wa Tanzania hauna pande mbili ndugu. Uraia pacha sheria hairuhusu. Mdogo wako kama mzazi mmoja ni wa nje aende Uhamiaji mapema, asisubiri Novemba.

#4 Kengele ya Saa Kumi
#3 😂😂😂 mkuu hili ni somo la shule. Rudi kwenye viwanja.

#5 Mwalimu wa Bahi
Nafundisha Uraia, na kusahihisha nimeshasahihisha sana. Naomba nimjibu #2 kwanza kwa sababu ushauri wake utamponza mtoto.

Tatu kwa tatu inafaa kwenye baadhi ya maswali tu. Swali likisema "thibitisha kwa hoja sita kwamba vyama vingi vimeimarisha demokrasia", limeshachagua upande kwa niaba yako. Ukileta hoja tatu za kupinga, hizo tatu hazina mahali pa kupewa maksi, umebaki na nusu ya insha. Likisema "eleza changamoto sita", vilevile. Pande mbili zinadaiwa pale swali linapoleta dai kisha likasema jadili, au likauliza unakubaliana kwa kiasi gani. La mdogo wake mleta mada ni la namna hiyo, kwa hiyo mwalimu hakubana.

Halafu hilo hitimisho la "kuna faida na hasara" halijibu kitu. Swali lilikuwa *umeimarisha* au *haukuimarisha*. Mtahiniwa aseme umeimarisha wapi na umekwama wapi.

#6 Hoja Tatu Tatu
Madam, heshima kwako, lakini mimi nilikuwa napata B kwa njia hiyohiyo.

#7 Mwalimu wa Bahi
B siikatai. Labda maswali uliyokutana nayo yalikuwa ya aina hiyo. Siku likija "thibitisha" utaniambia.

#8 Kaka wa Ipagala
Shukrani Mwalimu. Sasa pepa za nyuma zinasaidiaje? Yeye anakariri majibu ya insha za miaka iliyopita, swali likigeuzwa kidogo anapotea.

#9 Mwalimu wa Bahi
Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye pepa ya miaka hii ya karibuni sehemu C ina maksi 30, unachagua maswali mawili kati ya matatu, 15 kila moja. Kwa hiyo mwanafunzi anaona sehemu A ya kuchagua herufi na kuoanisha kama kitu kingine, na sehemu C kama kitu kingine. Mimi nawaambia wanangu: sehemu A na B za pepa za nyuma ndiyo ghala la mifano ya sehemu C.

Mfano. Kwenye maswali ya kuchagua utakutana na mwaka vyama vingi viliporudishwa. Jibu 1992. Mwanafunzi anazungushia herufi, anasonga mbele. Mimi namsimamisha hapohapo. 1992 ilitokana na nini? Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991. Kabla yake kulikuwa na nini? Chama kimoja kisheria tangu Katiba ya muda ya 1965. Baada yake? Uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, 1995. Swali la maksi moja limeshakupa mfano wa aya nzima.

Kisha anauandika kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa mfano mmoja. Juu anaweka tukio na mwaka. Chini anagawa ukurasa katikati: kushoto mfano huu unamsaidiaje anayekubali dai, kulia unamsaidiaje anayepinga. Mfano unaokataa kujaza upande mmoja ni dhaifu, ataukuta unafaa swali moja tu.

#10 Kijana wa Chamwino
Nyalali ni rahisi kushoto: wananchi walidai vyama vingi, serikali ikasikiliza. Kulia sioni kitu.

#11 Mzee wa Mpwapwa
Kijana, mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo. Tume ilizunguka nchi nzima kuuliza watu, na walio wengi, kama asilimia 80, walisema tubaki na chama kimoja. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 20. Wazee wengi huku kwetu waliogopa vurugu. Tume ikashauri vyama vingi pamoja na hayo, na serikali ya Mzee Mwinyi ikakubali.

Vijana wa leo mnadhani sisi tuliandamana barabarani.

#12 Kijana wa Chamwino
Duh. Shikamoo mzee. Kumbe ndivyo.

#13 Mwalimu wa Bahi
Marahaba kwa niaba ya mzee 😄. Umeona sasa kulia kunavyojaa? Kushoto: walio wachache walisikilizwa, na kuwasikiliza ni msingi wa demokrasia, tena mabadiliko yalikuja kwa tume na sheria bila mtutu wa bunduki. Kulia: mfumo ulitoka juu, walio wengi hawakuuomba, ndiyo maana wapo wanaosema mizizi yake kwa wananchi ni mifupi. Mfano mmoja, pande mbili, na takwimu ni ileile.

#14 Sheria UDOM
Naongeza mfano ambao watu wa Dodoma hatuna sababu ya kuukosa. Kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi ilianzia Mahakama Kuu hapahapa Dodoma. Ilifunguliwa 1993, na 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama. Kabla wino haujakauka Bunge likabadilisha Katiba, 1994 hiyohiyo, kufunga mlango. Mtikila akarudi mahakamani, 2006 Mahakama Kuu ikampa tena ushindi. 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hili ni la Bunge, siyo la mahakama. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba haki zilikiukwa. Mpaka leo huwezi kugombea urais au ubunge bila chama.

Kwa swali la mleta mada hii ni dhahabu. Vyama vingi vimekuja, lakini raia asiye na chama amebaki nje ya mlango wa kugombea.

#15 Kengele ya Saa Kumi
Mkuu hayo yote mtoto wa kidato cha nne atayaandika kwa Kiingereza, kwa saa tatu, akiwa na pepa nzima mbele yake? Tatizo halisi ni lugha. Mdogo wake anaweza kuwa anayajua haya yote kwa Kiswahili. Kwenye karatasi zinatoka sentensi tatu kwa sababu msamiati umeisha.

#16 Sheria UDOM
Siyo yote. Matukio mawili yanatosha: 1994 mahakama iliruhusu, mwaka huohuo Bunge likafunga.

#17 Kaka wa Ipagala
#15 umenigusa. Nimemuuliza jioni hii anieleze kwa mdomo kwa nini upinzani bungeni ni muhimu, kaongea dakika nzima vizuri tu. Kwenye karatasi ameandika "wapinzani wanakosoa serikali, hii ni demokrasia". Basi.

#18 Mwalimu wa Bahi
Lugha ni sehemu ya tatizo, sikatai. Ila nimewahi kuona karatasi zenye Kiingereza kizuri sana na hoja tupu. Baraza la Mitihani hutoa ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na ndani huweka picha za majibu mazuri na mabovu. Mkaisome pamoja. Utaona majibu mabovu mengine yana sentensi safi kabisa, ila yamejibu swali ambalo halikuulizwa.

Ngoja niandike aya mbili za hilo swali, kwa Kiswahili chepesi ambacho mtoto anaweza kukigeuza.

*"Mfumo wa vyama vingi umeongeza nafasi ya wananchi kushiriki siasa. Kuanzia 1965 raia aliyetaka uongozi alipaswa kupitia chama kimoja. Baada ya mabadiliko ya 1992 aliweza kuchagua chama anachokiamini, na mwaka 1995 wananchi walipiga kura wakiwa na wagombea urais wa vyama tofauti kwa mara ya kwanza tangu chama kimoja kiwekwe kisheria. Kwa hiyo uwanja wa kushiriki ulipanuka."*

*"Hata hivyo ushiriki huo una mpaka. Sheria bado inamtaka mgombea wa urais na ubunge awe mwanachama wa chama. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Dodoma iliruhusu mgombea binafsi, lakini Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo. Raia asiyetaka chama anaweza kupiga kura, lakini hawezi kupigiwa."*

Aya ya pili inajibu ya kwanza. Zote zinazungumzia kushiriki. Wanafunzi wengi huandika faida tatu, kisha hasara tatu ambazo hazihusiani nazo: kushiriki, kukosoa, sera, halafu ghafla gharama za uchaguzi, ukabila, vurugu. Hapo hakuna mjadala, kuna orodha mbili zilizopeana migongo.

#19 Mtahini Mstaafu
Nimesoma kimya, naona niseme. Nakubaliana na Mwalimu wa Bahi kuhusu mifano. Sikubaliani naye kuhusu kuoanisha hoja jozi kwa jozi. Msahihishaji ana rundo la karatasi na mwongozo mkononi. Anatafuta hoja sita. Mtoto akichanganya "lakini" na "hata hivyo" ndani ya aya, hoja mbili zinahesabiwa moja. Salama ni kundi moja la kukubali, kundi la pili la kupinga, kila hoja na aya yake.

#20 Mwalimu wa Bahi
Mzee wangu, ndiyo maana nimeziweka aya mbili tofauti, kila moja ina sentensi ya kwanza inayotaja hoja. Shuleni kwetu tunatoa maksi moja na nusu utangulizi, mbili kila hoja, moja na nusu hitimisho. Hoja ikianza aya, inaonekana hata ukiwa na usingizi.

#21 Mtahini Mstaafu
Mgawo huo ni wa shule yenu. Nimeona shule wanampa utangulizi moja. Mtoto asijenge insha juu ya hesabu ya maksi ambayo hataiona. Na jozi tatu kamili zinampeleka kwenye tatu kwa tatu, ambayo wewe mwenyewe umeikemea juu huko.

#22 Hoja Tatu Tatu
Asante mzee 😎

#23 Mwalimu wa Bahi
Si lazima jozi zilingane. Kama msimamo wako ni kwamba umeimarisha, weka nne za kukubali na mbili za kupinga, na hizo mbili zijibu zile nzito kati ya nne. Uzito ukae upande unaouamini. Ila sawa, hapa tutatofautiana.

#24 Binti wa Kondoa
Samahani naingiza dini. Mimi nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu na tatizo ni hilohilo, ila limegeuka. Huku wanafunzi wanaogopa kuutaja upande wa pili kabisa, wanaona kama kuudhi dini.

Chukua dai la namna hii: "Mirathi ya Kiislamu inamdhulumu mwanamke. Je, unakubaliana?" Mwanafunzi wangu anaandika sikubaliani, kisha kurasa mbili za kumsifu mwanamke, mama ana hadhi, pepo iko chini ya nyayo. Anayelalamika hajajibiwa. Analalamikia jambo mahususi: mtoto wa kiume anapata mafungu mawili ya wa kike. Liko wazi kwenye An-Nisaa 4:11. Litaje, likubali kwamba lipo, ndipo ujibu.

Kisha rudi kwenye pepa za nyuma za mafungu ya mirathi, zile za hesabu. Mule ndani mna jibu. Marehemu akiacha watoto wa kiume na wazazi wake wote wawili, mama anapata sudusi, yaani moja ya sita, na baba anapata sudusi. Sawasawa, aya ni hiyohiyo ya 4:11. Ndugu wa upande wa mama, wa kike na wa kiume hugawana sawa, 4:12. Kwa hiyo "mwanamke daima hupata nusu" si kweli. Mwanafunzi amekuwa akizifanya hesabu hizo kwa maksi, hajawahi kuona kwamba ni hoja ya insha. Baada ya hapo ndipo alete wajibu wa matumizi ulio juu ya mwanamume, 4:34, na mahari ambayo ni mali ya mke, 4:4.

#25 Kijana wa Chamwino
Ustadhati, lakini mke anapata thumuni na mume robo wakiwa na watoto. Hapo nusu imerudi.

#26 Binti wa Kondoa
Imerudi, na lazima aitaje. Nikimficha hiyo, msahihishaji anayejua ataona tumechagua mifano mitamu tu.

#27 Mama Lishe Majengo
Kwenye karatasi sawa. Shangazi yangu alipofiwa, shemeji zake walichukua shamba la zabibu lote na sudusi haikutajwa na mtu. Hiyo mnaiweka upande gani?

#28 Binti wa Kondoa
Pole dada. Naiweka kwenye aya ya peke yake: mafundisho yanasema nini, na watu wanafanya nini. Swali limesema "mirathi ya Kiislamu", kwa hiyo kosa la shemeji si ushahidi dhidi ya aya. Lakini insha isiyotaja kwamba wanawake wanadhulumiwa kwa jina la dini itakuwa ya mtu asiyeishi hapa.

#29 Mtahini Mstaafu
Kwa kidato cha nne mimi ningesema aache. Atatoka nje ya swali.

#30 Mama Lishe Majengo
Nje ya swali ndiko tunakoishi sisi.

#31 Shemasi wa Kongwa
Kwa upande wa Maarifa ya Biblia naongeza dogo: usiandike namba ya mstari kama huna uhakika. Sema "nabii Amosi aliwakemea waliopunja mizani na kuwakandamiza maskini", inatosha. Nimeona watoto wanaobuni sura na mistari, na hoja nzuri inaharibika.

#32 Dalali wa Nkuhungu
Nimerudi, sasa nimeelewa ni shule. Mimi nina mfano wa serikali za mitaa. CDA ilianzishwa 1973 kusimamia ujenzi wa makao makuu, viwanja vyote vya mjini vilikuwa mikononi mwake, na hati zake zilikuwa za miaka 33. 2017 ikavunjwa, shughuli zikaenda manispaa, hati zikaelekezwa kuwa za miaka 99. Hapo zamani ukimlilia diwani wako habari ya kiwanja alikuwa anakuangalia tu.

#33 Mwalimu wa Bahi
#32 wewe ungeanzia hapa! Huo unafaa kabisa kwa dai la "serikali za mitaa zina mamlaka ya kutosha". Upande mmoja, Katiba ibara ya 145 na 146 zinaziweka na kuzipa kazi ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Upande wa pili, kwa zaidi ya miaka 40 ardhi ya mji huu ilikuwa chini ya chombo ambacho wakazi hawakukichagua. Na kuvunjwa kwake kulitoka wapi? Kwa Rais, siyo kwa baraza la madiwani. Hilo nalo ni hoja.

#34 Dalali wa Nkuhungu
Nilipeni basi. Au mnunue kiwanja.

#35 Kengele ya Saa Kumi
Tahadhari ya pepa za nyuma: majibu yanazeeka. Nina kitini kinachoandika Tume ya Taifa ya Uchaguzi, wakati tangu sheria ya 2024 ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kingine kina idadi ya mikoa ya kabla ya Songwe haijaanzishwa 2016, wakati sasa ni 31. Kila mfano uliochotwa kwenye pepa ya zamani aulize: bado uko hivi?

#36 Mzee wa Mpwapwa
Na ukiandika Dodoma ni manispaa nitakufuata mimi mwenyewe. Jiji tangu 26 Aprili 2018.

#37 Kaka wa Ipagala
Wakuu asanteni. Leo tumekaa naye. Ameandika upya hoja ya pili, ile ya wapinzani bungeni, na amefungua ukurasa wa Nyalali na wa mgombea binafsi. Amekwama kwenye jambo moja na mimi sina jibu. Anasema kesi ya Mtikila inafaa pia upande wa *kukubali*: raia mmoja ameishtaki serikali, mahakama imempa ushindi mara mbili, jambo ambalo anaona lisingewezekana chini ya chama kimoja. Aiweke wapi?

#38 Sheria UDOM
Kupinga. Matokeo ya mwisho ni kwamba mlango umefungwa.

#39 Mwalimu wa Bahi
Mimi ningemwachia kukubali, kama atasema wazi kwamba anazungumzia uhuru wa mahakama na si haki ya kugombea. Huyo mdogo wako ameanza kufikiri.

#40 Mtahini Mstaafu
Uhuru wa mahakama haukuletwa na vyama vingi. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba 1984, tukiwa bado na chama kimoja, na ndizo Mtikila alizosimamia mahakamani. Akiiweka huko, msahihishaji mkali atamuuliza inahusiana nini na vyama.

#41 Sheria UDOM
Mzee hapo umenipiku. Ila chama chake kiliwezekana kwa sababu ya 1992.

#42 Mtahini Mstaafu
Chama chake hakikuwa na usajili wakati anafungua kesi, na hilo lilikuwa sehemu ya malalamiko yake. Kasome hukumu.

#43 Kengele ya Saa Kumi
Natia kambi hapa. Mwenye hukumu ya 1994 kwa lugha nyepesi aiweke.